Kilicholainisha Managu

Kila siku ya shule, saa ya chakula cha mchana, Nasike huketi kwenye kiti chake katika chumba cha walimu, huweka simu juu ya meza na kusubiri picha. Picha ikifika, haanzi na chakula chenyewe. Huivuta kwa vidole viwili mpaka ukingo wa sahani ujae kioo chote, kwa sababu anasema mafuta hukimbilia ukingoni, na mafuta hayajui kuficha. Baada ya hapo ndipo anapotazama katikati.

Sahani ni ya binti yake, Joy, anayesoma darasa la pili katika shule nyingine hapa Kitale. Anayepiga picha ni Kemboi, mpishi wa shule hiyo, mtu mpole anayependa utani.

"Mwalimu, leo ni maharagwe," Kemboi humwambia kwa simu. "Ama unataka nikupigie picha ya moshi pia?"

"Nipigie picha ya mwiko, Kemboi."

Naye huupiga picha, maana anajua sababu. Joy alipokuwa na miaka minne alipewa kipande cha peremende ya njugu kanisani. Kabla ibada haijaisha midomo ilikuwa imevimba na pumzi inapiga filimbi. Walikuwa wametembelea jamaa karibu na Lugulu, penye hospitali, kwa hiyo matibabu hayakuwa mbali. Alidungwa sindano, akapona. Daktari alimwambia Nasike maneno ambayo hajayasahau: mtoto huyu asile njugu, hata chembe, na kupika hakuondoi hatari iliyo ndani yake. Tatizo, alisema, halitakuwa njugu zinazoonekana. Litakuwa zile ambazo zimepikwa ndani ya kitu kingine.

Nasike ni mwalimu wa hesabu. Alichukua jambo hilo kama anavyochukua kila jambo. Alipika mboga za aina ile ile kwa maziwa, kwa simsim iliyosagwa, na kwa njugu za kusaga alizoomba kwa jirani na kuzipikia huko huko kwa jirani, Joy akiwa shuleni. Akapiga picha za sahani zote na kuzilinganisha. Alijifunza kwamba mchuzi wa maziwa hubaki mweupe mweupe na hutiririka mpaka ukingoni kama maji. Wa njugu huwa rangi ya udongo, hushikamana na majani, na ukikaa kidogo hutoa vitone vya mafuta vinavyojitenga. Wa simsim, kwa bahati mbaya, hufanana nao sana. Hapo ndipo alipojifunza jambo la maana kuliko yote, kwamba picha inaweza kumpa shaka lakini haiwezi kumpa uhakika. Ndiyo maana hajawahi kumwambia Kemboi, "Hii haina njugu." Husema, "Sizioni," kisha huuliza mchuzi umefanywa mzito kwa kitu gani, na mwiko umetoka katika sufuria gani.

Pale shuleni kwetu, sisi walimu wenzake tulimzoea. Wengine walimcheka kidogo, kwa upendo. Huko Mabanga, kwa wakwe zake, mambo yalikuwa mengine.

Jumamosi moja mwaka jana, mumewe Wangila alimchukua Joy wakaenda nyumbani kwao, karibu na Mabanga, kwa sababu watu wa upande wa msichana aliyechumbiwa na ndugu yake walikuwa wanakuja. Nasike alibaki Kitale kusimamia mitihani. Kabla hawajaondoka alimshika mumewe mkono mlangoni.

"Asile kitu kabla sijaona picha."

"Mama Joy, ni kwa mama yangu tunaenda."

"Ndiyo. Nitumie picha."

Mchana simu ililia. Nilikuwa meza ya pili, nasahihisha, na chumba kilikuwa kimya, basi nilisikia yote. Wangila alikuwa ametuma picha moja: ugali, kuku wa mchuzi, na bakuli kubwa la mboga za managu. Nasike akaenda ukingoni. Akakaa huko muda mrefu. Akanisukumia simu.

"Unaona nini?"

Niliona mboga.

"Tazama hapa bakuli lilipoinama. Mchuzi haujateremka, umeganda pale pale. Na hivi vitone." Akahamisha picha kwa kidole. Kuku alionekana hana neno: mchuzi mwepesi, mwekundu, nyanya zikionekana vipande vipande. Lakini ndani ya bakuli la kuku kulikuwa na upawa, na mgongoni mwa upawa kulikuwa na doa la rangi ya udongo.

Akapiga simu na kuiweka kwa sauti kubwa.

"Wangila, Joy amekula?"

"Bado. Tumenawa tu. Wageni wameshaketi."

"Asile managu. Asile kuku pia."

 Nyuma ya Wangila kulikuwa na kelele za viti na vicheko. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Managu ni ya maziwa. Mama mwenyewe amesema."

"Amesema amepika yeye?"

Kabla hajajibu, sauti nyingine ikaingia. Ilikuwa ya Mzee Wamalwa, baba mdogo wa Wangila, ambaye hajawahi kuongea polepole maishani mwake. "Nani huyo? Mwalimu? Ati yuko Kitale na anaonja chakula cha Mabanga? Weka sauti kubwa tusikie, bana!"

Ikawekwa sauti kubwa. Watu wakacheka, pamoja na wageni.

"Mwalimu," akasema Mzee Wamalwa, "hebu niambie, hiyo simu yako inasema kuku ana chumvi ya kutosha?"

"Shikamoo, Baba. Chumvi utaniambia wewe. Mimi naongea juu ya Joy."

Ndipo mama mkwe alipochukua simu. Sauti yake haikuwa ya kucheka. "Nasike. Mtoto anakuja kwa kukhu yake, mimi bibi yake, anapikiwa, halafu mama yake anamkataza mbele ya wageni. Unajua watu watasema nini? Watasema mimi naroga mjukuu wangu."

Kwa wasiojua nyumba hizo, hili si neno dogo. Kukataa chakula kwa mama mkwe, tena siku wachumba wanaangaliwa, ni kama kusimama uwanjani na kusema humwamini. Wanawake wengi ninaowajua wangekubali mtoto aonje kidogo, kisha wangekaa wakiomba Mungu.

Nasike alisimama. "Mama, sijasema unaroga. Nasema Joy hatakula mboga hiyo wala kuku huyo."

"Mbele ya wageni?"

"Mbele ya wageni."

"Hakuna njugu hapa! Si nimekwambia? Mimi tangu azaliwe na huo ugonjwa sijawahi kumpa njugu!"

"Najua, Mama. Nani alimalizia managu?"

 Ikaja sauti ya Mary Ann, wifi yake Nasike, anayefanya kazi ya upishi katika hoteli moja mjini Bungoma. Alijibu bila wasiwasi wowote. "Ni mimi. Mama alipika na maziwa, lakini ilikuwa maji maji, na managu yalikuwa machungu. Mbele ya wageni hivyo? Nikalainisha tu."

"Ulilainisha na nini?"

"Na ile ya kusaga, vijiko viwili hivi. Lakini hiyo si njugu ya kutafuna, Nasike. Hiyo ni ya kulainisha mboga."

 Nilimtazama Nasike nikidhani atapiga kelele. Hakupiga. Nilielewa baadaye kwamba Mary Ann hakuwa akidanganya hata kidogo. Katika jiko lile, njugu ni kile kinachokaangwa na kuwekwa mfukoni. Kinachotiwa kwenye mboga ni sehemu ya mboga, kama chumvi. Wote walikuwa wamemlinda Joy kwa moyo mmoja dhidi ya zile za mfukoni.

"Na upawa wa managu ndio huo mmeweka kwa kuku?" Nasike akauliza.

"Ni upawa mmoja," Mary Ann akasema, na safari hii sauti yake ilikuwa imeshuka.

Mzee Wamalwa hakukubali kushindwa. "Vijiko viwili kwa sufuria nzima! Kidogo hivyo kitamfanya nini? Sisi tulikula kila kitu na tuko hapa."

"Ninyi mko hapa, Baba. Nataka na Joy awe hapo. Wangila!"

"Niko."

"Nawa mikono tena kwa sabuni, na Joy anawe. Kama umeshamega ugali ukagusa mboga, usimpe huo. Mama, kuku wako wanataga?"

"Wanataga," mama mkwe akasema, kana kwamba ametukanwa.

"Naomba yai lichemshwe na ganda lake, kwa maji mapya, sufuria iliyosuguliwa. Joy alimenye mwenyewe. Na ndizi mbivu. Hizo zina maganda yao, hakuna mtu amezilainisha."

Wangila angeweza kukata simu. Nilimsikia akivuta pumzi mbele ya jamaa zake wote. Kisha akasema, si kwa Nasike, bali kwa wale waliokuwa pale, "Toeni hiyo sahani mbele ya mtoto." Viti vikasogezwa. Baadaye ilikuja picha nyingine: Joy, mashavu yamejaa yai, anacheka.

Msisitizo huo haukumpatia Nasike pongezi. Mama mkwe alikaa miezi bila kupokea simu yake. Kijijini akapewa jina, Yule wa Picha. Uchumba ulikwenda vizuri, hata hivyo wapo waliosema kwamba ulikaribia kuvunjika kwa ajili ya mboga.

Desemba, familia yote ilipoitwa nyumbani, nilidhani atabaki Kitale. Alikwenda. Alikwenda na sufuria yake mpya, mwiko wake na kisu chake ndani ya kikapu, akaingia jikoni kwa mama mkwe na kuvitua karibu na moto. Wangila ndiye aliyenisimulia.

"Umeleta sufuria kwangu?" mama mkwe akauliza. "Kwani zangu zina ukoma?"

"Zina njugu, Mama."

Yule mama alimtazama sana. Kisha akasogeza sufuria yake kubwa, akamwachia nafasi upande mmoja wa jiko. Hakusema samahani, wala Nasike hakusema. Walipika bega kwa bega bila kuongea, kila mmoja na mwiko wake, na Mary Ann alipoingia na upawa, mama mkwe akamwambia, "Huo usiguse hapo."

Niliporudi shuleni Januari, nilimkuta Nasike peke yake katika chumba cha walimu. Nilikuwa nimelibeba swali moja tangu siku ile ya simu, na sikuwa nimepata ujasiri wa kuliuliza.

"Mwalimu, ulisema mwenyewe picha haitoi uhakika. Kama ungekuwa umekosea, kama yangekuwa maziwa tu?"

Aliilaza simu mezani.

"Ningekuwa nimekosea," akasema, "na Joy angekuwa amekula yai."