Ziro ya Lukmani

Kama ulipita Swima mwaka 1956 ukakuta nyumba ya bati inayopikiwa na mwanamke asiye wa nyumba hiyo, mwanamke huyo ni mimi, na nyumba ni ya Yunusu, karani wa kodi wa sefari yetu, yaani eneo la shefu wetu. Alinilipa nimpikie kwa sababu mkewe alikuwa amerudi kwao Lweba, akisema amechoka kuishi na mtu asiyesalimiwa. Nilipika chakula cha watu wawili kila siku, kwa amri yake. Mtu wa pili hakuja.

Mtu wa pili alikuwa Lukmani, mdogo wake, baba mmoja mama mmoja. Lukmani alivuta nyavu katika mitumbwi ya wengine, akilipwa fungu la ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani. Miaka mitatu nyuma alishindwa kulipa kodi ya kichwa. Kodi ile haikuuliza mtu ana nini. Ilihesabu vichwa tu, na kichwa cha mvuta nyavu kilitozwa sawa na cha mwenye mitumbwi. Yunusu alikuwa na hela za kumlipia. Hakumlipia, akiogopa watu waseme karani anawaficha ndugu zake, na akaandika jina la Lukmani katika orodha ya wasiolipa kwa mkono wake mwenyewe. Lukmani alikaa gerezani Fizi mwezi mzima. Tangu siku hiyo hakukanyaga kwa kaka yake.

Mimi nasema wazi: nilimchukia Yunusu kwa jambo lile, na bado nilimwonea huruma. Alikuwa akila akitazama mlango. Ukimsemesha, anajibu kwa hesabu.

Mwaka huo baraza la shefu liliamua kuezeka nyumba ya wazazi, maana wanawake wetu walikuwa wanajifungulia chini ya nyasi zinazovuja. Bati na misumari vilihitaji franka elfu saba na mia tano. Wanaume walikuwa mia mbili na hamsini. Wazee wa baraza wakagawanya, wakapata franka thelathini kila mtu, wakafurahi kwamba imegawanyika bila baki. Yunusu alikuja nyumbani na karatasi, hakugusa ugali.

Aliniambia Lukmani hapati zaidi ya franka elfu moja kwa mwaka. Thelathini kwake ni tatu katika kila mia. Nicolas, mwenye mitumbwi sita na duka mjini Baraka, anapata elfu thelathini. Thelathini kwake ni moja katika kila elfu. Hela ni ile ile, lakini mzigo wa mdogo unazidi wa mkubwa mara thelathini. Na Lukmani hataiweza, kwa hiyo jina lake litarudi katika ile orodha, na mwandikaji ni nani? Alitaka mdogo wake asifungwe tena, na alitaka aje kula. Mambo mawili hayo tu.

Basi akaenda barazani, nami nikaenda kuwapelekea maji, na masikio yangu hayakuwa na kazi nyingine.

Yunusu aliwaambia michango ya vichwa haijazi sanduku. Sabini walishindwa kodi mwaka uliopita. Watu sabini gerezani hawaezeki nyumba. Shefu akaitikia kwa kichwa, maana hiyo ilikuwa kweli. Nicolas, aliyekuwa mzee wa kanisa, akasema basi iwe kama sadaka ya fungu la kumi: kila mtu kipimo kimoja, moja katika mia. Yeye atoe mia tatu, mvuta nyavu atoe kumi. Mwenye kingi anatoa kingi, mwenye kidogo anatoa kidogo, nani ataonewa? Wengi wakaitikia. Kusema haki, Nicolas hakuwa mtu mbaya.

Yunusu akakubali kwamba hiyo ni bora kuliko vichwa. Halafu akauliza, franka kumi za mvuta nyavu zinatoka wapi? Zinatoka katika chumvi, sabuni, na dawa ya mtoto. Mia tatu za Nicolas zinatoka wapi? Nicolas mwenyewe akacheka, akasema pengine hatajua zimetoka wapi. Yunusu akasema kipimo ni kimoja, maumivu siyo mamoja. Akawakumbusha msiba: je, tunamtaka mjane alete sehemu ile ile ya mifugo yake kama tajiri? Tajiri huleta mbuzi, na akileta kuku tunamcheka.

Ndipo akasoma mpango wake. Elfu moja na mia tano za kwanza za kila mtu zisiguswe, hizo ni chakula. Zinazozidi hapo mpaka elfu tano, zitoe moja katika mia. Zinazozidi elfu tano, zitoe tatu katika mia.

Nicolas akaruka: tatu katika mia ya elfu thelathini ni mia tisa, na tena mtu mwenye elfu tano akiongeza franka moja tu ataangamia, heri azamishe mtumbwi. Yunusu akamwonyesha polepole. Tatu katika mia inashika zile zilizozidi tu. Franka moja ile inatoa santimu tatu, na za chini zinabaki kama zilivyokuwa. Kwa Nicolas, za kwanza hazitoi kitu, za katikati zinatoa thelathini na tano, za juu mia saba na hamsini. Jumla mia saba themanini na tano. Nicolas akahesabu kwa vidole mara mbili, akakuna shingo. Shefu akauliza kama sanduku litajaa. Litajaa, Yunusu akasema, kwa matajiri sita na watu wa katikati. Wavuta nyavu, ziro.

Mpango ukapita. Kazi ya kujua nani anapata nini ikawa ya Yunusu, na wiki tatu alihesabu nyavu na magunia ya watu. Sasa hata matajiri wakaacha kumsalimu. Yeye hakujali. Alirudi jioni akiwa karibu kutabasamu, akaniambia niongeze samaki.

Orodha ilisomwa sokoni, jina kwa jina, kama desturi. Nilikuwa pale. Lukmani, ziro. Watu wakageuka kumtazama. Nikakumbuka, na nikajilaumu kwa kuchelewa kukumbuka, kwamba msibani kwetu hata maskini wa mwisho huleta kuni. Asiyeleta hata kuni hakai mkekani, wala hasemi.

Mchana ule Lukmani akaja. Yunusu alisimama haraka mpaka kiti kikaanguka. Mdogo wake hakuvuka kizingiti. Akanyoosha mkono, akaweka franka mbili juu ya daftari lililokuwa dirishani.

"Yaya," akasema, kama tunavyomwita kaka mkubwa, "uliniweka mu gereza, nikanyamaza. Leo umeniandika ziro mbele ya batu. Mi siko mutu wa hapa? Andika mbili."

Yunusu akajaribu kumweleza kwamba si deni lake, kwamba ameipigania ziro hiyo barazani kwa ajili yake.

"Hukuniuliza," Lukmani akasema.

Karani akakaa. Akafuta ziro, akaandika mbili, akakata risiti, ingawa alijua mkaguzi wa Fizi atamsumbua kwa hela isiyodaiwa. Lukmani akaisoma, akaikunja, akaitia mfukoni. Kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu walitazamana.

"Ingia tukule," Yunusu akasema. "Chakula iko tayari."

"Nimekwisha kula."

Akaondoka. Nyumba yake inatazamana na yangu. Tangu asubuhi moto haukuwashwa kule. Sikumwambia Yunusu. Nilipakua sahani moja.