Swali la Kwanza la Video ya Achari

Mpango ule wa mahojiano niliuandika kwa ajili ya mwanamume mmoja mchangamfu wa Kisauni, aliyekuwa akitengeneza achari ya maembe na mkewe uani kwao. Duka kubwa la mjini lilikuwa likichagua watu wa kuliletea bidhaa, na kila mwenye biashara alitakiwa apeleke video fupi ya kujieleza. Maneno yote niliyapanga yawe ya mume. Mke, kwenye hati yangu, alikuwa mikono tu: inamenya, inakoroga, inafunga chupa.

Mume akafariki ghafla, hatujapiga picha hata moja.

Nilijua kazi imekwisha. Kumbe mke akanipigia simu, yuko edani. "Njoo, dadangu. Shemeji zangu wanataka nifunge, wanasema biashara ilikuwa ya ndugu yao. Duka likinikataa, sina la kuwajibu." Uso wake usionekane, akasema, wala mpiga picha wa kiume asiingie. Haya! Nikabeba kamera mwenyewe, na hati nikaiandika upya: upande mmoja picha, mikono ile ile, upande wa pili maneno, na sasa maneno ni yake.

Nilimkuta mkekani, kakonda, masikini. Nikampa mkono wa pole, nikambandika kinasa sauti chini ya mtandio. Nikamweleza kuwa sauti yangu itakatwa, kwa hivyo kila jibu libebe swali ndani yake. Nikiuliza wanatumia maembe gani, asijibu "mabichi" akanyamaza, aseme, "Tunatumia maembe mabichi." Hilo alilishika upesi.

Nikauliza swali la kwanza: nani mwenye kampuni hii?

"Mwenye kampuni hii ni mume wangu."

Tukarudia. "Mwenye kampuni hii ni mume wangu, mimi namsaidia."

Tukarudia tena, yale yale. Mimi hasira zangu ziko karibu, wallahi. "Dadangu, duka halifanyi biashara na marehemu!" Neno likishatoka halirudi. Yeye hakukasirika, aliinamisha kichwa tu. Nikaona huruma, nikamwambia nitalifuta swali lile, tuanzie kwenye maembe.

"Usilifute," akasema. "Shemeji zangu nao wataitazama."

Akapiga bismillahi. Kisha akasema, "Mwenye kampuni hii ni mimi."

Alilisema wazi, sauti haikutetemeka hata kidogo. Nikamwonyesha kidole gumba, nimefurahi kama mjinga, nikaanza kutafuta swali la pili. Nilipoinua macho alikuwa amejifunika uso kwa mtandio, mabega yanamtikisika.

"Watu walizika, wakasoma hitima, wakaenda zao," akasema. "Mimi nilikuwa bado namngoja arudi. Sasa hivi ndiyo nimemzika."

Kinasa sauti kilikuwa bado kinanasa. Nikakizima, nikakaa mkekani kando yake, tukalia.