Saa Nne ya Hajati Ramula

Marehemu Haji Umaru alikuwa na malori mawili na neno moja. Malori yalikwisha kuuzwa, neno lilibaki. Kasese nzima walijua kwamba akikwambia gari linaondoka saa kumi na mbili, basi saa kumi na mbili na dakika moja utaambulia vumbi tu. Mjane wake, Hajati Ramula, aliyefundisha jiografia sekondari mpaka akastaafu, alililinda neno hilo kama watu wengine wanavyolinda shamba la urithi.

Ndiyo maana siku ya ndoa ya mwanawe Nasif aliamsha watu kabla ya adhana. Harusi ilikuwa Bwera, kwa akina Asmah, bibi harusi, na wakwe walikuwa wamesema waziwazi: shehe atafunga ndoa saa nne, kwa sababu baada ya hapo anakwenda mazikoni Munkunyu. Lango litafungwa saa nne. Huko kwao wageni wa bwana harusi wakichelewa hawafunguliwi hivi hivi. Husimamishwa nje wakasemwa mpaka wajieleze, na maneno ya langoni hayasahauliki. Mtoto huzaliwa, hukua, huoa, na bado ataambiwa, "Nyinyi ndio wale wa langoni."

"Mimi sitasimama langoni kwa mtu," Ramula aliwaambia wote walipokuwa wakipanda gari. "Na jambo la pili. Simu zote, humu." Akaufungua mkoba wake mkubwa mweusi. "Sitaki simu ilie shehe akisoma hotuba, wala sitaki kuona picha zetu zikizunguka mjini kabla hatujarudi."

"Hata mimi, Hajati?" aliuliza mzee Byaruhanga, rafiki wa marehemu, aliyechaguliwa kuwa msemaji wao.

"Hata wewe. Yako ndiyo inayolia kama king'ora."

Wanawake walicheka, wakazitia simu mkobani moja moja. Nasif peke yake aliachiwa yake, awaongoze njia.

Waliondoka baada ya swala ya alfajiri. Kikorongo waliwangoja sana shangazi wa Katwe, waliofika na mfuko wa chumvi na malumbano ya nani aliyechelewesha nani. Ramula alitaka kutazama saa, lakini simu yake ilikuwa imezima. Betri yake ilikuwa imechoka. Ikiishiwa chaji kabisa, simu husahau kila kitu. Ukiiwasha hukuonyesha tarehe mosi Januari ya mwaka ambao wajukuu wake walikuwa hawajazaliwa, WhatsApp ikagoma kufunguka ikisema tarehe si sahihi. Mwenyewe alikuwa ameshazoea. Muda mrefu uliopita alizima ile sehemu ya kujiweka saa yenyewe, kwa sababu hakupenda chombo kinachojiamulia, na tangu hapo aliiweka tarehe na saa kwa mkono.

Mawingu yalikuwa yameufunika mlima wote, jua halikuonekana. Walipofika Bwera waliteremka hadi kwenye nyumba ya wageni chini kabisa, karibu na mpaka wa Mpondwe, wavae na kunywa chai. Nyumba ya wakwe ilikuwa juu, upande wa nyuma wa kilima.

Ramula aliichomeka simu yake ukutani. Ikawaka: tarehe mosi Januari.

"Nasif! Nisomee saa."

Nasif akaitoa simu mfukoni, akacheka. "Mama, wamenikaribisha Congo! Eti karibu, ufurahie huduma zetu. Hata daraja sijavuka."

"Achana na Congo. Saa ngapi?"

"Saa mbili kamili."

Ramula akashangaa kidogo. "Saa mbili? Pamoja na kungoja kote kule Kikorongo?"

"Hii ni ya mtandao, mama. Hii haiko kama yako ya kuweka kwa mkono. Mtandao haukosei."

Hajati akafurahi. Akaingia kwenye mipangilio, akaweka tarehe ya leo, akaweka saa mbili kamili, sawa na ya mwanawe. Kisha akamnyooshea mkono. "Sasa lete na hiyo. Umeshafika, hakuna njia tena ya kuongoza." Akaizima sauti, akaitia mkobani pamoja na nyingine.

Wakakaa kwa raha. Chai ikaletwa, na chapati. Busuti za wanawake zikapigwa pasi, zikafungwa, zikafunguliwa zikafungwa upya. Kila baada ya muda Ramula aliitazama simu yake kama jemadari. "Bado. Bado. Hatuendi mapema kama wenye njaa, wala hatuchelewi." Saa nne kasorobo aliinuka. "Twendeni. Umaru angefika sasa hivi."

Walipanda kilima kwa gari, wakashuka, wakapanga mstari, kanzu mbele busuti nyuma, wakatembea hatua za mwisho kwa miguu kama inavyotakiwa. Lango lilikuwa limefungwa.

Mzee Byaruhanga akabisha. Akabisha tena. Uso wa mwanamume mnene ukatokea juu ya lango. Alikuwa Bwambale, baba mdogo wa bibi harusi na msemaji wa upande wao.

"Nyinyi ni nani?"

"Ni wageni wenu, ndugu yangu. Ukoo wa Haji Umaru wa Kasese."

"Aa! Umaru?" Bwambale akageukia ndani, akapaza sauti. "Iko watu hapa wanasema ni wa Umaru! Yule mwenye lori hangojagi mutu!" Kicheko kikapanda nyuma ya ukuta. "Hapana, mzee. Watu ya Umaru tulingoja, tukachoka. Nyinyi labda mumekuja ku sadaka ya kesho."

Ramula hakungoja msemaji. Akapita mbele ya mstari, akainua simu yake juu, uso wake ukiwa umewaka.

"Bwana Bwambale, mimi ni mwalimu, najua kusoma saa. Tazama mwenyewe! Saa nne bado dakika kumi. Mmefunga lango kabla ya wakati, kisha mnatutukana?"

"Mama," akasema Bwambale, sasa bila kucheka, "ni saa tano bado kumi. Shehe ameshaenda ku matanga."

Maneno hayo yakamwingia kama maji baridi. Shehe amekwenda. Nyuma yake akasikia mstari ukivunjika, minong'ono, shangazi wa Katwe akiuliza, "Amesema nini? Amesema nini?"

"Haiwezekani," akasema Ramula. "Nasif! Sema saa!"

"Simu unayo wewe, mama."

Akaupekua mkoba kwa hasira, simu za watu zikigongana kama vikombe, mpaka akaipata ya Nasif. Juu ya kioo kulikuwa na simu nyingi za Asmah zisizopokelewa. Chini yake, saa: tano kasoro dakika kumi.

Akaweka simu mbili kando kando kiganjani. Asubuhi zilikuwa sawa. Alikuwa ameziona kwa macho yake, ndani ya chumba kimoja, zikisema saa mbili zote. Hakuna aliyeigusa ya Nasif. Ilikaa mkobani muda wote. Sasa zimeachana, na zimeachana saa moja kamili, si dakika saba wala ishirini. Betri mbovu haikosei kwa saa kamili. Kitu kinachokosea kwa saa kamili...

Alihisi masikio yakimwaka. Miaka ishirini na zaidi alikuwa akichora duara ubaoni na kuligawa kwa mistari, kila nyuzi kumi na tano saa moja, akiwaambia wanafunzi kwamba Congo mashariki iko saa moja nyuma yetu. Karibu Congo, ufurahie huduma zetu.

"Nasif," akauliza polepole, "laini yako inapokea mtandao wa nje?"

"Ndiyo, niliifungua nilipokwenda Nairobi kununua vitambaa. Sikuifunga."

Basi. Kule chini mpakani simu ilishika mnara wa ng'ambo, ikauuliza saa, na mnara ukajibu saa ya kwao. Walipopanda kilima ikarudi kwenye mnara wa Uganda, ikajisahihisha yenyewe humo mkobani, bila kumwambia mtu. Lakini yake yeye haikuuliza mnara wowote. Ilihesabu tu, kwa uaminifu wa punda, kuanzia pale alipoiweka kwa mkono wake. Kosa la ile lilikuwa la kupita. Yeye alilichukua akalipigilia msumari kwenye yake.

Mzee Byaruhanga akamsogelea sikioni. "Hajati, niachie. Nitasema tairi lilipasuka Kikorongo. Nani atajua?"

Ilikuwa fimbo nzuri ya kuegemea, na Ramula aliitamani. Tairi humpasukia hata mtu mwema. Jina lingebaki safi, watu wangesema pole. Lakini akakumbuka kwamba Umaru hakuwahi kulisingizia tairi. Lori lilipoharibika alisema limeharibika. Alipolala, alisema nimelala. Neno lake halikuwa la saa tu.

Akamgeukia Bwambale.

"Tairi halikupasuka. Tumekaa chini pale Mpondwe tunakunywa chai tangu saa tatu. Simu ya mwanangu ilishika mtandao wa Congo, nami nikaiweka yangu kwa ile, kwa mkono wangu huu. Simu za wengine nilikuwa nimewanyang'anya. Kwa hiyo msimseme Umaru. Nisemeni mimi."

Kisha sauti ya mwanamke ikapasuka kwa kicheko ndani. Ilikuwa ya Wivine, mama mkubwa wa bibi harusi, aliyeolewa Kasindi, ng'ambo ya mpaka.

"Yee! Mama mukwe amekuja na saa ya kwetu! Mimi nafungua, huyu ni mutu wangu!"

"Ngoja kwanza," Bwambale akamzuia. Alikuwa anajitahidi kubaki mkali. "Mama, umesema kweli, asante. Lakini shehe hayuko. Anarudi saa kumi. Mutangoja mpaka saa kumi."

Hajati Ramula alichoka. Busuti ilimbana, kamba ya mkoba ilimkata begani, na nyuma yake watu walikuwa wamekwisha kuanza kudai simu zao. Akapapasa mkobani kutafuta miwani, hakuiona. Alikuwa ameiacha kule walikokunywa chai. Akaikodolea simu yake, tayari kuirekebisha, kidole kikiwa hewani, na swali likamtoka lenyewe, kwa ukali wa darasani:

"Saa kumi ya wapi?"

Bwambale alimtazama. Halafu uso wake mnene ukalegea, mabega yakaanza kutikisika, akashika komeo.

"Wivine, unasikia? Ameuliza! Hapa kwetu mutoto akitumwa sokoni anauliza vile." Komeo likalia, lango likafunguka. "Ya Uganda, mama. Saa kumi ya Uganda. Ingieni mukae."

Vigelegele vikapigwa pande zote mbili. Ramula aliingia wa kwanza, kichwa juu, bila kucheka. Alijua wazi jina alilolipata langoni hapo. Akina Wivine walikwisha kuanza kulijaribu midomoni, Mama Saa ya Congo, na lingefika Kasese kabla yake. Akaketi kwenye kiti alichopewa, akaisogeza simu yake mbele hadi saa tano, kwa mkono, akaiweka mapajani na kuanza kumngoja shehe.