Folda Iliyoitwa Zamani

Nilipohamishwa kutoka ofisi yetu ya ushirika Mpanda, nilimwandikia karani mpya maelezo ya makabidhiano: folda za nakala zilizojirudia azifute, za miaka iliyofungwa azihifadhi kwenye diski ya nje, za mikataba inayoendelea asiziguse.

Tukiwa tunakabidhiana, akasita kwenye folda moja.

"Dada, hii 'Zamani' si ya kufuta?"

"Hapana. Ina fomu za wanachama wa mwanzo. Nakili kwenye diski, fungua faili chache uhakikishe, ndipo uiondoe kwenye kompyuta."

Alifanya hivyo, akaipa na jina linaloeleweka. Baadaye alinipigia simu akicheka kwa furaha: mjane kutoka Kapalamsenga alikuwa ameondoka na nakala ya fomu ya mumewe.

"Umeiweza kazi," nikamwambia.