Kabla ya Saa Nane na Nusu

Karani wa ofisi ya wakili, aliyezoeleka kwa jina la Dada Chapa, alibanwa pande zote mchana ule wa Ijumaa. Mbele yake aliketi bibi mmoja na mjukuu wa miezi minne, ambaye alikuwa amelia mpaka sauti ikamkauka. Mama wa mtoto alikuwa mahabusu. Hakimu alikubali dhamana, ila mdhamini, ndiye huyo bibi, alitakiwa ale kiapo mbele ya wakili. Wakili wa kesi haruhusiwi kumwapisha mdhamini wa mteja wake, kwa hiyo alimwelekeza hapa.

Na wakili wa hapa alikuwa kikaoni, simu ameizima sauti. Kumpeleka mteja kwingine bila ruhusa ya bosi kulishawahi kumponza karani mmoja hata akafukuzwa kazi.

Dada Chapa alikuwa amemwandikia mara tatu: HARAKA SANA BOSI. Kimya. Ndipo alipopandisha ujumbe wa nyuma akaona aibu. HARAKA, wino umeisha. HARAKA, fundi wa bomba amefika. Bosi angejuaje kwamba hii ya leo si ya bomba?

Bibi alimuuliza polepole, "Mwanangu, tutawahi kweli?"

Dada Chapa aliichukua tena simu. Akaandika upya, taratibu, kwa herufi za kawaida:

"Bosi, kuna bibi hapa wa kuapishwa ili amdhamini binti yake, ambaye ana mtoto anayenyonya. Masjala ya mahakama inafungwa saa tisa na nusu. Tukichelewa, atabaki mahabusu hadi Jumatatu. Njiani ni kama saa nzima, kwa hiyo mwisho wa kuapa ni saa nane na nusu. Kama huwezi kufika, niambie sasa nimpeleke kwa wakili mwingine."

Akaiweka simu mezani, akaona hata kuitazama anaogopa. Mtoto alianza tena kulia. Chumba kikawa kidogo, hewa nzito; bibi akawa anamtikisa mtoto macho yake yakiwa mlangoni.

Simu ikatetemeka. "Siwezi kutoka kabla ya saa tisa. Nenda kwa wakili wa ghorofa ya tatu, nimeshamwambia. Anawasubiri."

Dada Chapa alimbeba mtoto, bibi akapanda ngazi na vitambulisho vyake mkononi. Huko ghorofa ya tatu bibi aliapa, akatia sahihi, muhuri ukagongwa, na dereva wa teksi iliyomchukua bibi na mtoto akaambiwa waziwazi masjala inafungwa saa ngapi.

Dada Chapa alirudi kwenye kiti chake. Ofisi haikuwa na mwingine wa kuishika. Alasiri nzima kila simu ilipolia aliirukia, na kila mara ilikuwa ni mtu wa jambo lingine. Jua lilikuwa linazama alipomsikia bibi kwenye simu.

"Ametoka, mwanangu. Ananyonyesha."

Dada Chapa aliinamisha kichwa mezani, akalia kidogo, kisha akafunga madirisha.