Fungu la Msimamizi

Nehemiah Makori, mwana wa Mogaka, mwana wa Nyamongo. Huyo Nyamongo ndiye aliyejenga nyumba ya kwanza ya pembe nne katika kilima chao cha Nyamache, wakati watu wote walilala katika nyumba za mviringo, na wazee wakamcheka wakisema pepo watajificha kwenye pembe. Mogaka, mwanawe, alibeba mawe ya Wahindi mjini Kisii mpaka kichwa kikaota sugu, lakini hakurudi na sugu tu: alirudi na mwiko, timazi na pima maji, na akajua kuvitumia. Nehemiah alirithi vifaa hivyo vitatu na kikundi cha mafundi. Miaka ya sitini, Uhuru ulipoleta hamu ya shule na maduka ya matofali, hakuna aliyejenga dirisha kati ya Nyamache na Keumbu bila kumuuliza kwanza yeye ana nafasi lini.

Pamoja na vifaa, Mogaka alimwachia neno. "Pesa ya ujenzi ina mpangilio," alimwambia. "Fungu la msimamizi hutoka kwanza. Halafu gharama ya vitu. Kinachobaki ndicho jasho, nacho hugawanywa kwa siku." Nehemiah aliishika kanuni hiyo kama alivyoishika Sabato, na kwa miaka mingi havikugombana.

Vikagombana mwaka wa sabini na moja, Keumbu, katika duka la Bwana Nyamweya.

Nyamweya alikuwa amepata pesa kwa biashara ya ndizi na sasa alitaka duka la vyumba viwili kando ya barabara, kabla mwingine hajaichukua nafasi hiyo. Walikubaliana malipo ya siku. Fundi shilingi nane, mtu wa mkono, yaani msaidizi, nne, na juu ya hayo shilingi tatu kila siku ya kazi kwa Nehemiah, fungu la msimamizi. Matofali na saruji vilikuwa vya Nyamweya. Misumari, waya na kamba, Nehemiah alikopa dukani kwa jina lake, na siku ya malipo deni likakatwa katika pesa ya wote, fundi akitoa mara mbili ya mtu wa mkono. Tena Nyamweya alisema mbele ya mashahidi: "Saruji nikishaishusha kwenye lori, iko mikononi mwenu. Ikipotea, nakata."

"Haitapotea," Nehemiah alijibu, kwa sauti ya mtu ambaye babake hakupoteza hata msumari.

Kikundi kilikuwa cha watu wanne. Fundi wa pili alikuwa Machogu wa Nyacheki, Mkatoliki mwenye mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Watu wa mkono walikuwa wanawake wawili: Kemuma, mjane aliyepanda kutoka mtoni na debe la maji bila kumwaga tone, na Nyanchera, shemeji yake, aliyekoroga mchanga na saruji na kubeba karai. Kwa kuwa Nehemiah hakufanya kazi Jumamosi na Machogu hakufanya kazi Jumapili, wiki yao ilikuwa ya siku tano, na malipo yalikuwa Ijumaa kabla jua halijazama.

Basi Jumamosi moja Nehemiah alikuwa nje ya kanisa, suti yake ya kijivu imepigwa pasi, akisubiri ibada ya mchana. Akamwona Machogu anakuja mbio akitoka sokoni, kuku wa miguu iliyofungwa akining'inia mkononi.

"Fundi, mawingu yale unayaona?"

"Nayaona."

"Mifuko ya saruji iko chini, juu ya majani ya migomba. Zile mbao tuliziondoa jana kutengeneza jukwaa. Mvua ikipiga kutoka kilimani, maji yatapita chini ya mabati yaliyoifunika. Nipe ruhusa niende niinue. Mimi leo si siku yangu ya dhambi."

Watu wawili watatu waliosimama karibu walicheka. Kicheko hicho ndicho kilichoharibu mambo. Kama Machogu angenong'ona, pengine Nehemiah angejikuna kichwa na kutazama pembeni, na kazi ingefanyika.

"Kikundi ni changu," alisema. "Nikikutuma leo, nimefanya kazi mimi. Usiguse mfuko hata mmoja."

"Sijasema unitume. Nimesema unyamaze tu."

"Machogu! Mungu aliyeleta mawingu anajua saruji iko wapi."

Machogu akamtazama, akamtazama na kuku wake, akaenda zake. Mvua ilipoanza saa tisa ilipiga mabati ya kanisa mpaka mhubiri akanyamaza. Nehemiah aliimba kwa nguvu, lakini masikio yake yalikuwa Keumbu.

Jumatatu aliigonga mifuko kwa kifundo cha kidole. Ile ya juu ilikuwa laini. Minne ya chini ililia kama jiwe. Machogu alisimama nyuma yake na hakusema kitu, na huko kunyamaza kulikuwa kama moshi wa kuni mbichi: haukupigi popote, na bado machozi yanakutoka.

Nyamweya naye hakupiga kelele. Alileta mifuko minne mingine, akasema, "Tutaonana Ijumaa."

Wiki nzima Nehemiah alijenga kwa hasira. Tofali likikaa vibaya alilaumu tofali. Usiku nyumbani alimwambia mkewe Orpah kwamba watu hawaelewi fungu la msimamizi ni la nini. Nani hulala akiwaza kama mchanga utafika? Nani husimama dukani akiomba misumari kama mtoto aliyeiba sukari? Wao wakishaweka mwiko chini, wameweka.

"Baba Bonareri," Orpah alisema, akimenya ndizi, "hilo fungu nalisikia tangu nilipoolewa. Siku moja liniletee salamu."

"Unanicheka?"

"Nakucheka wapi? Chukua hizi shilingi nne, Ijumaa uniletee mafuta ya taa na sukari. Na usiziingize kwenye mafungu yako."

Ijumaa ikafika. Nyamweya alikaa juu ya rundo la matofali, akahesabu pesa juu ya paja lake, mbele ya wote. Kazi ya wiki, pamoja na fungu la msimamizi, ilikuwa shilingi mia moja thelathini na tano. Akahesabu tena, akirudisha mfukoni.

"Mifuko minne kwa kumi na nne, hamsini na sita. Hizi hapa sabini na tisa. Sisi hatuna ugomvi." Akaondoka kwenda kupima ndizi zake.

Nehemiah alibaki na noti na sarafu kiganjani na macho sita yakimtazama. Akaanza kama alivyofundishwa. Shilingi kumi na tano akaziweka kando.

"Hizo ni za nini?" aliuliza Kemuma.

"Fungu la msimamizi. Linatoka kwanza. Kisha tisa za misumari na waya, nipeleke dukani. Zilizobaki ni hamsini na tano, tugawane wote kwa siku zetu. Nyinyi akina mama mtapata tisa na senti kidogo. Machogu, kumi na nane na senti."

Nyanchera aliweka karai chini polepole. "Tisa? Kwa siku tano?"

"Saruji ni gharama ya vitu. Gharama hukatwa kwa wote. Ndivyo Mogaka alivyofanya."

"Baba Bonareri," Kemuma alisema, "mimi nimeteka maji. Saruji haikuharibiwa na maji yangu."

"Mama, mvua si yangu!"

"Wala si yetu," akadakia Machogu, na sasa wiki nzima ya kunyamaza ikafunguka. "Waambie basi, nyapara. Waambie Jumamosi nilikuja mpaka kanisani nikiwa na kuku mkononi. Nani alisema nisiguse?"

Wanawake wakageuka kumtazama Nehemiah.

"Nililinda Sabato," alisema.

"Ulilinda jina lako mbele ya watu. Lakini sawa, tuseme Sabato. Sabato ni yako, ibariki. Mbona hasara yake inakuwa ya wote, na fungu linabaki lako peke yako? Faida inatoka kwanza, hasara inatukuta nyuma! Mzigo wa mwenzio kanda la usufi, eh? Mjukuu wa Nyamongo, ukikata hivi, Jumatatu ukuta utajiinua wenyewe. Kuna mtu Nyamira anatafuta fundi na watu wa mkono wawili, na halipi kwa mahubiri."

Nehemiah alitaka kujibu. Jibu lilikuwa refu, lina Mogaka ndani yake, lina miaka ya kusimama madukani, na lina Amri ya Nne. Lakini aliutazama ukuta. Ulikuwa umefika usawa wa madirisha. Fundi mmoja hawezi kuinua kizingiti, na Nyamweya asingengoja; angetafuta kikundi kingine, na kila apitaye barabara ya Keumbu angesema, pale ndipo Makori alipokimbiwa na watu wake. Alitazama jua. Lilikuwa linashuka bila kumngoja.

Akazirudisha zile kumi na tano ndani ya nyingine, kwa nguvu, kama mtu anayemrudishia mwingine kofi.

"Machogu, arobaini yako, toa tatu za misumari. Thelathini na saba. Kemuma, Nyanchera, kumi na nane na nusu, kila mtu." Alipohesabu hivyo, akitenga na tisa za duka, pesa zilimwishia kabla ya watu. Alipungukiwa shilingi nne. Akaingiza mkono katika mfuko wa shati, akatoa zile nne za mafuta ya taa na sukari ya Orpah, akamjazia Nyanchera.

"Na wewe?" Nyanchera aliuliza, sauti imepungua.

"Mimi ni msimamizi," alisema kwa uchungu. "Si mmesikia? Napata zaidi."

Hakuna aliyecheka. Kemuma alifunga pesa zake kwenye pindo la leso. Alisema, "Mungu akuzidishie, Baba Bonareri," na aliisema kwa moyo, lakini Nehemiah aliisikia kama kejeli. Wiki nzima amepanda ukuta bure, na nyumbani kuna taa isiyo na mafuta na mwanamke mwenye maswali. Katika mpangilio wa babake aliokuwa akiujua kama jina lake, sasa hakujua tena kipi hutoka kwanza.

Machogu alikuwa ameshachukua koti lake.

"Ngoja," Nehemiah alisema.

"Jua linazama, fundi. Usije ukatenda dhambi."

"Ndiyo maana nakwambia haraka. Mbao za jukwaa, chukua tatu leo hii, uinue mifuko. Na kesho uje uitazame, asubuhi na mchana. Usiniulize. Usije kanisani na kuku wala bata. Kila Jumamosi, saruji iko mikononi mwako."

"Nami nipate nini?"

Nehemiah alivuta pumzi kama mtu anayeng'olewa jino. "Katika zile tatu za msimamizi, moja ya kila siku ni yako."

"Na mfuko ukilowa Jumamosi?"

"Utakatwa wewe. Hamsini na sita ukipenda. Ndipo utakapojua fungu hili lina ladha gani."

Machogu alifikiri, akalitundika koti lake kwenye msumari. Akainama chini ya jukwaa, akachomoa ubao wa kwanza.