Mtazamaji Mmoja wa Mwezi na Dagaa

Verediana wa Mwandiga alinifanya nibonyeze kitufe ambacho mwenyewe alishindwa kukibonyeza miezi mitatu, na mpaka leo sijamsamehe vizuri. Nasema hivyo kwa upendo. Mimi ni Scola, nakaa meza ya mbele kwenye ofisi ya mradi wetu wa uvuvi hapa Kigoma. Napokea wageni, naandika barua, nashika daftari la mahudhurio. Yeye ni mtu wa takwimu, meza yake iko nyuma yangu, na kwa miaka sita nimekuwa nikimletea chai bila kuombwa.

Kazi yake ni dashibodi. Ni kurasa za kwenye kompyuta zenye michoro, ambazo huvuta takwimu mpya zenyewe kila alfajiri: samaki walioshushwa kwenye kila mwalo, boti zilizotoka, bei ya dagaa Kibirizi. Tulikuwa nazo ishirini na tatu. Kila bosi aliyepita aliomba yake, akahamishwa, ikabaki inajichakatia namba bila mwenyewe. Zote zilikimbia saa kumi na moja alfajiri, zikasukumana, na ya bei ya dagaa ikawa inachelewa mpaka saa tatu, soko likiwa limeshapamba moto. Mama Winfrida, anayenunua dagaa Kibirizi na kuwapeleka Tabora, alikuwa akinipigia mimi.

"Scola mwanangu, bei ninayoiona ni ya jana. Ya jana niifanyie nini?"

Bosi wetu Dismasi akatoa amri: zisizotazamwa zistaafishwe. Akampa kazi Verediana.

Nilimwona akiifanya, na aliifanya kwa haki. Kompyuta huandika nani kafungua ukurasa gani na saa ngapi. Akachukua siku tisini. Hakuhesabu mara ngapi, alihesabu watu wangapi, maana mtu mmoja mwenye wasiwasi anaweza kufungua ukurasa mara mia. Akatoa majina yetu sisi tunaotengeneza na kukagua. Akatoa pia ufunguaji wa mashine, kwa sababu kuna kurasa zimepangwa kujipiga picha na kujituma kwa barua pepe, na hilo nalo huandikwa kana kwamba kuna mtu katazama. Ule ukurasa wa miezi ya kufungwa ziwa, uvuvi unapozuiwa, haukuwa na mtazamaji hata mmoja, lakini akauacha, akasema ziwa likifungwa watautafuta wote. Kumi na moja zikaondoka na hakuna aliyelalamika.

Ukabaki mmoja wa kuamuliwa, ulioitwa Mwezi na Dagaa.

Huo aliutengeneza Heritier. Kijana wa Ujiji, wazazi wake walivuka kutoka Kongo zamani, mrefu, mcheshi, mtu wa kukuita dada mpaka ukampa fungu lako la ndizi. Alikaa na Verediana jioni nzima nzima wakilinganisha giza la mwezi na uzito wa dagaa wa miaka kumi, maana dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mimi nilikuwa nawatania tu. Mvuvi gani wa Kibirizi anahitaji kompyuta imwambie mwezi umeandama? Si anatoka nje anatazama juu. Lakini haukuwa ukurasa wa wavuvi, kila mtu aliliona hilo. Heritier alishapeleka washenga Mwandiga, wakapokelewa vizuri. Kisha akahamishiwa makao makuu Mwanza. Simu zikawa za kila siku, zikawa za Jumapili, zikawa za sikukuu. Miaka miwili sasa.

Siku hiyo Verediana aliniita polepole. "Dada Scola, njoo uone."

Kwenye orodha ya Mwezi na Dagaa kulikuwa na majina mawili, lake na la Heritier. La kwake alilifuta kama kanuni ilivyotaka. Likabaki la Heritier, siku tisini kati ya tisini.

"Bado anautazama," akasema. Nami, mjinga mimi, nikamshika bega nikamwambia huyo bado ni wako, mdogo wangu, mpigie leo. Hakupiga. Aliandika ujumbe, akaufuta, akaandika mwingine. Kwenye ripoti ya Dismasi akaandika: ubaki, una mtumiaji Mwanza.

Yule binti alirudi kuimba kazini, nakwambia. Alisuka nywele katikati ya wiki. Kila asubuhi alifungua orodha kabla ya kuvua koti, akaliona jina, akatabasamu peke yake. Nilimwonea wivu, kusema kweli, maana mume wangu mimi hanitazami hata nikiwa mbele yake.

Lakini bei ya dagaa bado ilikuwa inachelewa. Ukurasa wa Heritier ulikuwa mzito kuliko yote, kila alfajiri ulisoma upya rekodi za miaka kumi. Mama Winfrida akaja mwenyewe ofisini na kanga yake ina magamba, hakukaa hata kiti. Dismasi akamwambia Verediana: "Uusitishe wiki mbili, uweke tangazo. Anayeuhitaji atasema."

Akausitisha. Juu ya ukurasa akaandika kwa rangi nyekundu kwamba takwimu zimesimama na utafungwa. Anayeuhitaji apige simu. Namba aliyoweka ilikuwa yake mwenyewe, siyo ya ofisi.

Wiki mbili hizo sitaki kuzikumbuka. Simu ilikaa kifudifudi mezani ili asiitazame, halafu anaigeuza kila dakika tano. Na jina la Heritier likaendelea kuonekana kila siku, tangazo jekundu likiwa palepale. Hakupiga.

Siku ya kumi na mbili nikapandwa na hasira. "Mtu gani huyu anasoma namba yako kila siku na kukupita? Nionyeshe huwa anafungua saa ngapi, nimpigie mimi saa hiyohiyo."

Akasita, kisha akanigeuzia kioo cha kompyuta. Saa kumi na mbili na dakika tano asubuhi. Siku ya pili, kumi na mbili na dakika tano. Jumapili, kumi na mbili na dakika tano. Nikateremsha macho mpaka chini.

Jamani, mimi nashika daftari la mahudhurio. Hakuna mwanadamu anayefika dakika ileile siku mia mfululizo, hata awe anapenda kazi kama roho yake.

"Verediana," nikasema, "huyu siyo mtu."

Hakubisha. Akafungua mipangilio. Heritier, kabla ya kuondoka, aliuagiza ukurasa ujipige picha kila asubuhi kwa jina lake na kujituma kwenye anwani ya zamani ya ofisi yetu, ambayo hakuna aifunguaye tena. Orodha ya kutazama hukumbuka mwaka mmoja tu nyuma. Ndani ya mwaka huo, yeye kwa mkono wake hakuufungua hata mara moja.

Nilikaa kwenye kiti cha pembeni. Nilitaka kumwambia pole, maana nilidhani ndiyo kwanza ameumia. Kisha nikakumbuka ni nani aliyetuondolea ufunguaji wa mashine kwenye kurasa zote nyingine.

"Ulijua," nikamwambia.

"Siku ya kwanza kabla sijakuita." Hakulia. Alikuwa anatazama lile jina. "Nilitaka tu liwepo asubuhi, dada. Lisingekuwepo ningekuja kazini kufanya nini?"

Akausogeza mshale mpaka kwenye kitufe cha kufuta, akaondoa mkono kwenye kipanya, akaingiza mikono yote miwili chini ya mapaja kama mtoto.

"Bonyeza wewe," akasema.

Nikabonyeza.